Sonara anataka kunikata 10% kwenye cheni aliyoniuzia mwenyewe, hii ni sawa?

MamaZuu_Ligula: Habari zenu wakuu. Msimu wa korosho uliopita nilinunua cheni na kidani chenye jiwe jekundu kwa sonara mmoja hapa Mtwara mjini, karati 18, akapima yote pamoja gramu 8.4 kwa 200,000 kila gramu, ufundi humo humo, nikalipa 1,680,000. Akaniambia dada ukikwama lete hapa hapa nitanunua. Sasa ada za watoto zimenibana nimempelekea, kang'oa jiwe, kapima gramu 7.8, kasema ananunua kwa 190,000 halafu anakata 10% ya kuyeyusha, nipokee 1,333,800. Wakati anauza leo 220,000! Risiti ya EFD ninayo ila imeandikwa tu "cheni dhahabu 1" na hela niliyolipa. Naweza kumbana vipi?

Kijana_wa_Masasi: Dada risiti ya EFD unayo, huyo lazima akurudishie bei ile ile uliyonunulia, akigoma nenda FCC.

FundiChuma_Lindi: Kijana hapo umechanganya. Risiti inathibitisha kwamba mzigo ulitoka kwake, na kama angemuuzia karati 14 akamwambia 18 ingekuwa kesi nzito. Lakini hapa mali ni nzima, dada ndiye anauza sasa, ni biashara mpya na bei mpya.

Mama Zuu, nimekaa kwenye meza ya usonara miaka mingi, ngoja nikuoneshe hela yako ilipopotelea. Umepungukiwa 346,200. Katika hizo, 120,000 ni jiwe, maana siku ya kununua lilipimwa pamoja na dhahabu ukalilipia kama dhahabu, gramu 0.6 mara 200,000, leo analing'oa na halihesabu. Hapo ndipo pa kumbana kwa adabu kabisa: mwambie bosi, uliniuzia kwa mzani huu huu na jiwe ndani, basi ama ulilipie ama unirudishie jiwe langu. 78,000 nyingine ni tofauti ya 200 na 190. Iliyobaki, 148,200, ndiyo hiyo 10%.

Na hiyo 10% ndiyo siipendi. Kati ya 220 anayouzia na 190 anayonunulia tayari kuna 30,000 kwa kila gramu, humo ufundi na faida yake vishatoka, akikata tena juu yake anakata mara mbili. Kuyeyusha kunapoteza kidogo, na kwenye viungo kuna solda ambayo karati yake huwa chini, sikatai, ila haifiki 10%. Tena cheni nzima isiyokatika wengi hawaiyeyushi, wanaisugua inarudi kabatini.

Bi_Somoe: Mimi bangili ya marehemu mama yangu haina risiti kabisa, nilikopita wanataka kitambulisho cha NIDA na wananitazama kama mwizi, hivi nifanyeje?

FundiChuma_Lindi: Bi mkubwa wanajilinda na mali ya wizi. Nenda na ndugu anayefahamika hapo mtaani na hicho kitambulisho, kisha waipime kwa jiwe la kupimia na tindikali mbele yako.

Nachingwea_Moja: Si aende soko la madini tu jamani, bei ya serikali

FundiChuma_Lindi: Soko la madini ni la dhahabu ghafi kutoka machimboni mkuu, sio cheni ya dukani.

MamaZuu_Ligula: Asante sana kaka. Amesema pia nikichukua cheni nyingine badala ya hela hakati 10%, hapo vipi?

FundiChuma_Lindi: Piga hesabu kwa gramu usiangalie hela. Yako anaithamini 1,482,000, mpya anakuuzia 220,000 kwa gramu, unapata gramu 6.7. Umeingia na 7.8, gramu moja na ushee imeyeyuka kwenye ufundi wa cheni mpya. Kama shida ni ada basi kubadilisha hakukusaidii.

Ila ukinunua tena, EFD pekee haitoshi, muombe akuandikie na karatasi ya duka yenye muhuri: uzito wa dhahabu bila jiwe, karati pamoja na namba iliyogongwa (ya 18 ni 750), bei ya gramu siku hiyo, ufundi ukae peke yake, na akinunua tena atatumia bei ipi na atakata asilimia ngapi. Kama VAT imeandikwa jua hiyo imeenda TRA, hairudi.

Kijana_wa_Masasi: Sasa kama alimwahidi kwa mdomo mbele ya shahidi je?

FundiChuma_Lindi: Aliahidi kununua na ananunua, bei hakuitaja. Hapo mimi sioni pa kushika labda wanasheria waseme.

MamaZuu_Ligula: Kesho naenda na hesabu ya jiwe kwanza, hiyo 10% nitamuomba ashuke hadi 3. Akigoma nachukua jiwe langu napita kwa masonara wengine wawili wapime.