Mrejesho: aplikesheni ya benki imekubali kwenye simu mpya

Niliuliza: "Nimebadili simu, aplikesheni ya benki inagoma, inasema namba haijathibitishwa. Nifanyeje?"

Wakuu, imekubali. Tatizo lilikuwa laini. Simu mpya ina laini mbili, na ile meseji ambayo aplikesheni huituma yenyewe kuthibitisha namba ilikuwa inatokea laini ambayo benki haiijui. Nikaichagua laini ya benki kwenye mipangilio ya meseji, nikaweka vocha kwa sababu meseji yenyewe inakata salio, nikaanza upya. Ikapita, na simu ya zamani ikatolewa papo hapo.

Lakini kuna jambo limenitisha. Juzi jioni iliingia meseji ya namba ya siri ya kusajili kifaa kipya, nami sikuwa nimeomba chochote. Dakika moja baadaye akapiga mtu, "huduma kwa wateja hapa", anataka nimsomee tarakimu sita. Ningemsomea, akaunti ingehamia kwenye simu yake. Nilikata, nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi yangu, wakazuia usajili ule na kuniambia nibadili PIN. Nimeshaibadili.