VaR ya asilimia 99: kipimo kibovu au wasomaji wabovu?

Kibarua wa Namba: VaR inatuambia siku 99 kati ya 100 hatutapoteza zaidi ya kiasi fulani. Mbona hasara kubwa ikija hutukuta akiba haitoshi hata robo? Tuitupe?

Mama Leja: Kimesema siku 99. Ya 100 hakikuigusa. Mnasoma nusu sentensi halafu mnalaumu kalamu, vijana wa siku hizi!

Fundi Takwimu: Tumesoma, dada. Chukua faranga ya Uswisi. Kuanzia Septemba 2011 benki kuu yao ilizuia yuro isishuke chini ya faranga 1.20, na mwishoni bei ikawa imelala palepale juu ya sakafu. Tuseme umeshika yuro milioni 100, na bei inatikisika asilimia 0.1 tu kwa siku, huo ndio mchepuko sanifu mmoja. Zidisha kwa 2.33, kizidisho cha asilimia 99, VaR yako ni kama yuro 233,000. Tarehe 15 Januari 2015 sakafu ikaondolewa, yuro ikaanguka hadi karibu faranga moja. Umepoteza kama faranga milioni 20. Hiyo ni michepuko sanifu zaidi ya 160! Utulivu wote ulioingia kwenye hesabu ulitokana na sakafu, na sakafu ndiyo iliyokuwa hatari yenyewe.

Chizi Fresh: Michepuko 160? Huyo ndoa alishaizika zamani 😂

Samaki Mchanga: Siku hiyo mimi niliibiwa. Niliweka oda ya kufunga hasara kwenye 1.19, dalali akanifungia mbali kule chini. Wezi hawa.

Fundi Takwimu: Pole, lakini si lazima uwe umeibiwa. Oda ile hugeuka kuwa ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo, na chini ya sakafu wanunuzi walikuwa wametoweka.

Samaki Mchanga: Kwa hiyo unawatetea.

Mama Leja: Kwanza mimi si dada yako. Pili, dawa ni rahisi: kwenye data ya kukokotolea VaR, rudi nyuma miaka mitano badala ya siku 250.

Fundi Takwimu: Shikamoo basi, mama. Itasaidia kidogo, kwa sababu msukosuko wa 2011 utaingia. Lakini miaka mitano ni kama siku 1,250, na VaR ya asilimia 99 unaisoma kwenye hasara ya 13 hivi kutoka ile mbaya kabisa. Zidisha hiyo mbaya kabisa mara kumi, VaR haisogei hata senti.

Kibarua wa Namba: Si ndiyo maana kamati ya Basel ya wasimamizi wa mabenki ilihamia kwenye wastani wa hasara za mkiani, asilimia 2.5 mbaya zaidi?

Fundi Takwimu: Wastani unausikia mkia, ndiyo. Ila ni mkia uliomo kwenye data. Siku ambayo haijawahi kutokea huipati humo. Inabidi mtu akae ajiulize, sakafu ikiondoka je?

Mama Leja: Marahaba. Na huyo mtu akijiuliza, bosi atamkubalia afunge biashara inayoleta faida kila mwezi?

Chizi Fresh: Bosi yuko na mchepuko wa 161.