Natoka supamaketi naomba kazi ya depo, barua yangu inasomekaje?

Mlango_wa_Nyuma (Nakuru): Wadau niaje. Miaka 6 niko supamaketi, nilianza kupanga rafu, saa hii napokea mzigo. Nimeona kazi ya karani wa depo kwa kampuni ya usafirishaji nikaandika barua lakini dada yangu ameisoma akasema naonekana muuza sabuni. Inaanza hivi: "Mimi ni mchapakazi, napenda wateja na sichoki hata kukiwa na presha." Nirekebishe wapi?

Karani_Mzee (Kisumu): Hiyo yote toa. Mimi hupitia hizo barua na kitu natafuta ni kama gari likiingia utajua kulitoa haraka, na mzigo ulingane na delivari noti. Hapo mlangoni ulikuta nini na umebadilisha nini?

Mlango_wa_Nyuma: Tulikuwa tunapokea kama magari 40 kwa wiki, na Jumatatu yanakuja yote pamoja, foleni hadi barabarani. Nikapigia masapulaya nikawagawia masaa, mkate na maziwa kabla ya saa mbili, unga na sukari baada ya saa nne. Gari lilikuwa linakaa masaa 2, sasa ni dakika 50 hivi.

Shiru_wa_Till: Na useme pia umeuza ya pesa ngapi, namba ni namba bana.

Karani_Mzee: Shiru namba ni sawa lakini mauzo yanamsaidia akiomba umanaja wa duka, depo haina till. Sasa wewe, hiyo 50 umeitoa wapi?

Mlango_wa_Nyuma: Kwa rejista ya geti, askari huandika gari likiingia na likitoka.

Karani_Mzee: Safi, basi chukua wiki 4 za kabla na 4 za baada utoe wastani, juu kwa intavyu utaulizwa. Halafu anza hivi: "Napokea magari 40 kwa wiki. Kwa kuwapangia masapulaya masaa, nimepunguza muda wa gari kukaa getini kutoka masaa 2 hadi dakika 50." Chini yake kubali kwa sentensi moja kwamba hujawahi kupanga ruti, wataona tu. Ukurasa mmoja basi.

Wa_Bungoma: Hiyo kampuni inachukua madereva? Niko na leseni ya lori na nimekaa miezi 5 bila kazi.

Mlango_wa_Nyuma: Sijui buda, tangazo lilikuwa la karani tu. @Karani_Mzee na huyo askari ndiye alikuwa anarudisha gari likija mapema, niseme nilifanya peke yangu?

Shiru_wa_Till: Sema ni wewe, askari haombi hiyo kazi.

Karani_Mzee: Mimi ningeandika "nikishirikiana na askari wa geti", depo ni kazi ya watu wengi na manaja anajua.

Mlango_wa_Nyuma: Nimefungua rejista. Shida ni wiki za kabla zote ni za Desemba, na Januari magari hupungua yenyewe hata bila mimi. Kesho nitatafuta za Oktoba, hiyo 50 nimeiondoa kwa barua kwanza.