Umeme kama maji bombani: mfano huu ufe au ubaki?

Baba Maswali: Mwanangu kaambiwa darasani umeme ni kama maji bombani. Sasa ananiuliza, mbona waya ukikatika umeme haumwagiki sakafuni? Wakuu, mfano huu ufe au ubaki?

Fundi Koili: Ubaki. Msukumo ni volti, maji yanayopita ni mkondo, bomba jembamba ni ukinzani. Nimejifunza hivyo na nalisha familia. Wanaoupinga hawajawahi kushika hata bisibisi.

Mchokonozi: Bisibisi ninazo tatu, zote zimechakaa. Haya fundi: volti na urefu ni vilevile, kipenyo cha waya nimekifanya mara mbili. Mkondo unakuwa mara ngapi?

Fundi Koili: Mara nne. Usinitahini.

Mchokonozi: Sawa. Na bomba?

Fundi Koili: Nne hizo hizo.

Mchokonozi: Kumi na sita, maji yakienda taratibu bila kuvurugika. Yanayogusa ukuta wa bomba husimama, ya katikati ndiyo yanakimbia. Ukipanua bomba umeongeza nafasi, na tena umeyaweka maji mengi mbali na ukuta. Kwenye waya wa betri, kizuizi hakiko ukutani. Elektroni zinahangaika humo humo ndani ya shaba, katikati sawa na pembeni.

Mama Wawili: Kumbe! Ndiyo maana maji hayanifikii ghorofa ya tatu?

Fundi Koili: Dada, hapa tunazungumzia umeme. Na wewe mwenye bisibisi tatu, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza habari za kumi na sita.

Kasi ya Radi: Mfano wote ni uongo. Elektroni zinakwenda kwa kasi ya mwanga, maji gani yatazifikia?

Mchokonozi: Piga hesabu kwanza. Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, mkondo wa ampea 1: elektroni zinasogea kama sentimita 26 kwa saa. Konokono anazipita. Balbu inawaka papo hapo kwa sababu waya umejaa elektroni tangu mwanzo. Kinachokimbia ni msukumo. Hapo bomba lililojaa linafundisha vizuri, nakiri.

Kasi ya Radi: Msukumo ndio niliomaanisha.

Fundi Koili: Haya, umekiri!

Baba Maswali: Na kumwagika je?

Mchokonozi: Elektroni ikichomoka, shaba inabaki na chaji chanya inayoivuta irudi. Bomba halina habari na maji yaliyotoka. Jaribu mnyororo wa baiskeli: ukikatika, gurudumu halisukumwi tena na hakuna kilichomwagika.

Baba Maswali: Nimempa mnyororo. Ameuliza unagawanyikaje balbu zikiwa mbili sambamba.

Fundi Koili: Mrudishe bombani.

Mama Wawili: Na maji yangu jamani?