Naomba ushauri: barua kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na ukungu wa lenzi ya 40

Mhadhiri wa Seli
Ndugu wanajukwaa, wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanakaribia zoezi lao la kwanza la slaidi. Watatazama utando wa kitunguu waliouandaa wenyewe kwa iodini, kisha slaidi za kudumu za tishu. Nimewaandikia barua waisome kabla ya siku hiyo, na sehemu inayonitatiza ni hii:

"Ibebeni hadubini kwa mikono miwili, mmoja ukishika mhimili wake na mwingine ukiwa chini ya kitako. Anzeni na lenzi ya 4, mwende ya 10, na picha ikishatulia mzungushie ya 40 bila kushusha meza. Kuanzia hapo skrubu kubwa haiguswi. Tumieni ndogo peke yake, kwa kuwa nafasi iliyobaki kati ya lenzi na kioo cha kufunikia haifiki milimita moja. Picha ikiwa na ukungu, futeni lenzi kwa karatasi ya lenzi."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi. Je, niwaachie wafute wenyewe?

Msaidizi wa Maabara
Mwalimu, ukungu kwenye lenzi ya 40 ni mafuta, hakuna kingine. Mtu huweka tone kwa ajili ya lenzi ya 100, kisha anarudi kwenye ya 40 ambayo haikuundwa kuingia kwenye mafuta, nayo inazama. Waandikie kwamba mafuta yakishawekwa, hakuna kurudi nyuma mpaka slaidi ifutwe. Kuhusu kusafisha, sisi hutumia zailini na lenzi hutakata mara moja.

Fundi Hadubini
Kuhusu mafuta, Msaidizi amesema kweli, lakini zailini naomba iachwe: ikitumiwa mara kwa mara inaweza kulegeza gundi inayoshikilia vioo ndani ya lenzi, na mvuke wake si wa kuvutwa na watu waliojaa chumba kimoja.

Isitoshe, katika zoezi hili la kitunguu mafuta hayahitajiki kabisa, kwa hiyo ukungu utatoka kwingine. Mara nyingi mwanafunzi huweka maji mengi, kioo cha kufunikia kinaelea, na iodini inapanda juu yake hadi kulowesha lenzi. Tone moja linatosha. Kioo kishushwe kwa mshazari, upande mmoja ukitangulia kugusa maji, na yanayofurika yafyonzwe ukingoni kwa kipande cha karatasi ya chujio kabla slaidi haijapanda mezani.

Kuna na kisa kingine ambacho kufuta hakukitibu. Kundi moja lililoniita lilikuwa na slaidi ya kudumu iliyoonekana vizuri kwa lenzi ya 10, lakini kwa ya 40 hawakupata chochote, nao walikuwa wameshaifuta lenzi hadi karatasi zikawaishia. Niliichomoa lenzi ya jicho, nikaigeuza na kuitumia kama kioo cha kukuzia, nikaitazama ncha ya lenzi ya 40: ilikuwa safi. Slaidi ndiyo iliyokuwa imelala kifudifudi. Kioo cha kufunikia kina unene wa takriban milimita 0.17, ilhali slaidi yenyewe hufika milimita 1. Lenzi ya 10 ina nafasi ya kutosha kuvumilia unene huo, lakini ya 40 hugusa kioo kabla haijaifikia tishu. Tuliigeuza slaidi, na picha ikapatikana.

Mwanafunzi Mwaka wa Pili
Shikamoo Mwalimu. Mimi pia nilisumbuliwa na ukungu: niliona miduara yenye ukingo mweusi mnene, nikaichora nikidhani ni seli, na alama zikakatwa. Je, niliipaka lenzi mafuta bila kujua?

Fundi Hadubini
Hapana, hayo ni mapovu ya hewa, na dawa yake ni kushusha kioo polepole kwa mshazari kama nilivyoeleza. Seli za kitunguu zina pembe na hupangana kama matofali.

Mhadhiri wa Seli
Marahaba, mwanangu. Asanteni nyote. Nimeibadilisha sentensi isomeke hivi: "Picha ikionekana kwa lenzi ya 10 ikakosekana kwa ya 40, kwanza hakikisheni kioo cha kufunikia kiko juu, kisha tazameni kama kimelowa, baada ya hapo tu ndipo mwite fundi." Kufuta nimekuondoa.

Msaidizi wa Maabara
Zailini nimeielewa. Lakini kumwita fundi kwa kila lenzi, wakati hadubini ziko nyingi na fundi ni mmoja, kutakula muda wote wa zoezi. Iodini ikikauka ni vigumu zaidi kuitoa kuliko ikifutwa mbichi. Mimi ningewafundisha kugusisha karatasi ya lenzi taratibu bila kusugua.

Fundi Hadubini
Kugusisha nakubali, mradi karatasi ikitumika mara moja itupwe. Ninachoogopa ni ncha ya shati.