Mkojo mwekundu Mwanza: tumpe dawa au tumuulize kwanza?

Mwenye swali: "Habari zenu. Nikikojoa mkojo unatoka mwekundu. Niko Mwanza. Nitumie dawa gani?"

Ngosha wa Misungwi
Kichocho hicho. Nenda duka la dawa, chukua prazikwanteli vidonge 4, kula ushibe kisha meza vyote kwa mpigo. Mimi nilimeza nikiwa shule ya msingi na mkojo ukarudi kawaida. Na kama unaoga ziwani usishangae, watu wa visiwani wanakojoa damu tangu utoto wakidhani ndivyo mkojo ulivyo.

Mama Kulwa
Ngosha, hapo umeteleza. Vinne ni vya nani? Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kidonge kimoja ni miligramu 600. Vinne ni vya mtu wa kilo 60. Huyu hajasema ni nani. Inawezekana ni mama anamwandikia mtoto wa miaka 7.

Nimekuwa muuguzi miaka 22. Nimemwona mtoto mwenye mkojo wa rangi ya soda nyeusi, anaamka uso umevimba, na wiki 2 zilizopita miguu ilikuwa na vidonda vya usaha. Yule ni figo. Mzee wa miaka 60 anayekojoa damu bila kusikia maumivu yoyote, yule anatakiwa kuangaliwa kibofu, tena haraka. Mwanamke anaweza kuwa ni hedhi imechanganyika na mkojo. Wote hao wangeandika sentensi ileile moja. Mimi nasema asitajiwe dawa hata moja mpaka aseme umri, imeanza lini, na anameza nini kwa sasa.

Dereva wa Buzuruga
Mama, hayo maswali mngeanza kuyauliza nyinyi mkiwa kazini. Mama yangu alikohoa miezi 2, kikohozi kikavu, usiku halali. Nikampeleka mahali, sitapataja. Mganga hakuinua kichwa. "Anasumbuliwa na nini?" Kifua. Akaandika dawa. Tumerudi mara 3, mara 3 antibayotiki. Aliyeuliza "bibi unameza dawa gani nyingine?" ni binti wa duka la dawa. Mama akafungua kanga, akatoa pakiti ya kaptopril ya presha. Kumbe ndiyo iliyokuwa inamkohoza. Alipobadilishiwa, baada ya wiki chache kikohozi kikaisha. Sasa mgonjwa hajafundishwa kuulizwa, mnataka ajue mwenyewe cha kueleza?

Mama Kulwa
Baba, pole kwa mama. Ila usiniweke kundi moja na huyo. Nimekaa kwenye foleni ya wagonjwa 80 nikiwa peke yangu na bado niliuliza. Nilikuwa nikikosa hata muda wa kunywa maji. Kuniambia "nyinyi" kumeniuma.

Dereva wa Buzuruga
Sikukusudia wewe, mama. Nimesema kilichonipata.

Mvuvi Ukerewe
Ngosha rudi hapa. Nimezaliwa Ukerewe, nimeoga ziwani, nimevua ziwani, nina miaka 44. Sijawahi kukojoa damu hata siku moja. Nyie wa bara mkiumwa lawama ziwa, mkila sangara sifa zenu.

Ngosha wa Misungwi
Kila mtu anajua kichocho ni cha ziwani. Waulize watu wa utafiti pale Mwanza, miaka yote wanakuja kupima huko kwenu, si kwangu.

Mtu wa maabara
Mmekamata kila mtu nusu yake. Kichocho cha huku kwetu ni viwili. Cha pwani ya ziwa na visiwani ni cha tumbo: minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo, damu inatoka na choo, na kikikaa miaka mingi ini linaharibika, tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu. Cha mkojo kinapatikana zaidi ndani, Kwimba, Misungwi na kuelekea Shinyanga, kwenye majaruba ya mpunga, malambo na madimbwi. Konokono wanaobeba vimelea hivyo si wa aina moja. Kwa hiyo Mvuvi anaweza kusema kweli kuhusu mkojo wake na bado akawa na kichocho, na Ngosha alikipata kwao Misungwi, si ziwani.

Nilivyoliona swali hili, neno "Mwanza" halijanisaidia. Mwanza ya Kirumba na Mwanza ya Kwimba ni vitu viwili.

Mvuvi Ukerewe
Hapo sawa. Mjomba wangu alitapika damu akafa 2009, tukaambiwa amerogwa. Tumbo lilikuwa limejaa hivyo hivyo unavyosema. Miaka 15 na zaidi hatusalimiani na nyumba ya pili kwa ajili hiyo.

Binti Nyegezi
Poleni, lakini naona mnazungusha. Shuleni tulipewa dawa ya kichocho darasa zima. Hakuna aliyepimwa, hakuna aliyeulizwa imeanza lini. Tulipangwa foleni tukameza. Kama ingekuwa hatari serikali isingegawa. Kwa nini huyu mmoja anyimwe jibu?

Mtu wa maabara
Swali zuri, dada. Lakini kumbuka foleni ile. Mlisimamishwa kwenye fimbo yenye alama, na urefu wako ndio uliosema vidonge vingapi. Umri ulijulikana kwa sababu ni shule, na huo ndio umri ambao kichocho kinashika zaidi. Mahali palijulikana. Mgonjwa aliambiwa abaki. Majibu yote yalishapatikana kabla hamjapanga foleni. Huyu hatujui hata moja.

Dawa yenyewe si sumu. Hatari yake kwa mtu asiyejulikana ni kwamba akishaimeza anatulia, anasema nimetibiwa. Kama ni saratani ya kibofu, anatulia huku inakua.

Ngosha wa Misungwi
Mimi nilijibu kwa nia njema. Mtu ameomba msaada, siwezi kumhoji kama polisi.

Mwenye swali
Samahanini, nilikuwa nasoma tu nikiona aibu. Mimi ni mwanamke, miaka 26, kilo 51. Imeanza siku 9 zilizopita. Siumwi nikikojoa. Dawa sikutaja makusudi, kwa sababu nikitaja dawa nimetaja ugonjwa. Nyumba niliyopanga, nikikohoa tu mwenzangu anahamisha kikombe chake kwenye kabati lingine. Nameza dawa za kifua kikuu, siku ya 10 leo. Vile vidonge 4 nimeshanunua tangu asubuhi, viko mezani, sijameza.

Mama Kulwa
Usimeze, mwanangu.

Mtu wa maabara
Asante kwa kusema. Umeanza dawa siku 10, mkojo umebadilika siku 9. Ndani ya vidonge vyako vya kifua kikuu mna rifampisini, nayo yenyewe ni nyekundu. Inatoka na mkojo, jasho, hata machozi. Angalia hivi: ukimeza asubuhi, rangi hukolea saa chache baadaye, kisha jioni hupungua. Mkojo unakuwa wa chungwa au mwekundu lakini ukiuweka kwenye chupa safi mwanga unapita, hauna mabonge wala matone ya damu. Ulipoanza dawa ulipaswa kuambiwa.

Cha pili: hata ungekuwa na kichocho, vile vidonge 4 visingekufaa sasa. Rifampisini inalifanya ini livunje prazikwanteli haraka mno, na kinachobaki kwenye damu ni kidogo sana. Ungemeza, ungetapika kidogo, minyoo ingebaki.

Cha kuogopa ni hiki. Mkojo ukigeuka kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, macho yakawa ya njano, ukawa na kichefuchefu na huwezi kula, hiyo si rangi ya dawa tena. Hilo linaweza kuwa ini. Siku hiyohiyo rudi kliniki wanakokupa dawa.

Mwenye swali
Sikuambiwa. Niliambiwa nisiruke siku. Jana nilijipangusa jasho shingoni kwa kitambaa cheupe kikabaki na doa la chungwa, nikajua damu inatoka kila mahali. Nilitaka kuacha dawa leo.

Mama Kulwa
Usiache hata siku moja kwa rangi. Unaona sasa? Neno moja, siku 10, limegeuza kila kitu.

Dereva wa Buzuruga
Ndiyo, lakini mama, ameeleza kwa nini hakulisema. Mngemkazania "taja dawa" mbele ya watu wote angeondoka, na vidonge angemeza. Mimi naona Ngosha alikosea dawa, nyinyi mlikaribia kumkosa mgonjwa.

Mama Kulwa
Na ningejibu kwa kubahatisha ningemkosa vilevile.

Dereva wa Buzuruga
Sijasema ujibu kwa kubahatisha. Nasema uliza kwa namna ambayo mtu anaweza kujibu. Badala ya "una ugonjwa gani", muulize kama kuna kidonge chochote anameza kila siku na alianza lini. Aseme tarehe tu. Siku 10 na siku 9 zingekaa pamoja bila yeye kutaja kifua kikuu.

Mtu wa maabara
Hilo nalichukua. Ingawa tarehe peke yake isingeniambia ni rifampisini, ingenitosha kumwambia asimeze kitu kingine kabla ya kuonana na aliyempa.

Dada, swali moja la mwisho upande wangu. Umekulia wapi?

Mwenye swali
Kwimba. Tulilima mpunga, nilikuwa navuka jaruba kwenda shule.

Mtu wa maabara
Basi siwezi kuapa kuwa kichocho huna. Vinaweza kuwepo vyote viwili. Ukienda kliniki omba mkojo upimwe, na utoe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai hutoka zaidi wakati huo. Ukitoa alfajiri yanaweza yasionekane. Yakionekana, waache wao wapange lini utatibiwa, wakijua uko kwenye dawa gani. Usijipangie.

Ngosha wa Misungwi
Kwa hiyo inawezekana nilikuwa sahihi.

Mvuvi Ukerewe
Ulibahatisha, Ngosha. Tena umebahatisha kwa kuwasema watu wa ziwani, na yeye ni wa Kwimba.

Mama Kulwa
Mwanangu, na mimi nina moja. Unatumia njia yoyote ya uzazi wa mpango?

Binti Nyegezi
Mama jamani! Mkojo mwekundu na uzazi wa mpango wapi na wapi? Hayo ndiyo yanafanya watu wasiulize kitu.

Mama Kulwa
Rifampisini hiyohiyo inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi na ya kijiti. Mtu anajiona amejikinga, mwezi wa 3 yuko na mimba katikati ya dozi. Nimewapokea. Siulizi kwa umbea.

Mwenye swali
Kijiti, mama. Nakuandikia pembeni.