Mkanda wa cherehani ya miguu unateleza: tupeane uzoefu

MamaSare: Wadau, habari za jioni. Nashona sare za shule hapa Arusha, karibu na soko la Kilombero, kwa cherehani ya miguu aliyoniachia mama. Kitambaa chembamba hakina shida. Nikifika kwenye pindo la kaki lililokunjwa mara tatu, gurudumu la chini linazunguka, la juu limegoma. Nimeupunguza mkanda mara mbili, na jana umechanika palepale kwenye tundu la waya. Nyie mlifanyaje?

Nuru_Moshi: Legeza kidogo ile skrubu ya uzi, mpenzi. Yangu iliacha kukata uzi.

MamaSare: Dada, uzi uko sawa. Ni mkanda wa gurudumu.

Dogo_Kiborloni: Achana na ngozi. Mimi nilikata tyubu ya baiskeli nikaifunga, hapo hakuna kuteleza.

FundiBabu: Siku za mwanzo, ndiyo. Tyubu inavutika, unakanyaga na gurudumu linachelewa kuitika. Mama, kabla hujanunua ngozi, toa mkanda uzungushe gurudumu la juu kwa mkono. Likiwa zito, unauonea mkanda bure. Safisha manyoya ya nyuzi kule chini kwenye bobini, tia mafuta ya cherehani, zungusha mpaka lilainike. Kuna mteja alikata mkanda wake mpaka pedeli ikawa nzito kama baiskeli inayopanda Kibosho, kumbe mafuta ya zamani yameganda ndani.

Ngozi mpya ipitishe kwenye magurudumu yote mawili, ivute ikae bila kulegea, weka alama, kisha kata sentimita 2 ndani ya alama, maana itavutika. Toboa kwa msharasi nusu sentimita kutoka nchani. Ukikaribia ncha zaidi, tundu linachanika. Na ngozi iliyokauka itachanika hata ukitoboa vizuri, hiyo usiikate tena. Waya ufinye kwa koleo ulale sawa na ngozi, la sivyo kila mzunguko utasikia tak, tak.

Nuru_Moshi: Ya mama mkwe ni ya mkono, haina mkanda, lakini mpini unazunguka na sindano haishuki!

FundiBabu: Mlijaza bobini, hamkukaza tena kile kirungu cha katikati ya gurudumu. Hata ya miguu inafanya hivyo, watu wanalaumu mkanda.

Dogo_Kiborloni: Na kupaka chaki je, fundi?

FundiBabu: Mimi sipaki. Wapo wanaoapa kwamba inasaidia.

MamaSare: Mrejesho. Gurudumu lilikuwa zito kweli, nimetoa donge la manyoya ya kaki. Ngozi mpya nimefunga jana, pindo limepita. Ila leo asubuhi naona imeanza kulegea.

FundiBabu: Ndiyo kwanza inavutika. Ngoja wiki mbili, kisha punguza nusu sentimita. Na ukitia mafuta, futa yasidondokee mkanda.